Kuacha kazi ukiwa probesheni: usiandike "kuanzia leo"

"Wakuu, nina miezi miwili na nusu kazini, mkataba wa mwezi kwa mwezi, bado nipo probesheni. Nimepata kazi kwingine wanataka nianze baada ya wiki moja. Wenzangu ofisini wanasema probesheni unatoa notisi ya masaa 24 tu. Barua ya kistaarabu inaandikwaje?"

Hapana hapana hapana, mdogo wangu barua ya masaa 24 usiipeleke! Hayo masaa 24 mimi niliambiwa na mtu aliyekaa utumishi miaka mingi, tena kwa kujiamini kabisa, nikaandika "naacha kazi kuanzia leo" nikaaga watu nikaenda zangu, mwisho wa mwezi nasubiri hela yangu naona akaunti kimya. Na yeye yupo tu hadi leo anawashauri wengine, inaniuma sana.

Sikiliza. Kwa Tanzania notisi ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kipimo chake sio probesheni, ni muda uliokaa kazini. Ukiacha ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Mwezi wa kwanza ukishapita na wewe unalipwa kwa mwezi, ni siku 28, hata kama bado hujathibitishwa. Mkataba unaweza kuweka ndefu zaidi ila lazima iwe sawa kwenu wote wawili, wewe na mwajiri. Wewe una miezi miwili na nusu, siku 7 ulishaziacha nyuma.

Sasa maumivu yenyewe yako hapa. Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angelipwa kama angefanya kazi siku hizo. Tuseme mshahara wako ni 800,000. Siku 28 ni wiki nne, kwa hesabu za kisheria mwezi una wiki 4.333, kwa hiyo hiyo notisi ni kama 738,000. Umefanya kazi mpaka tarehe 20, unadai kama laki tano na kitu. Wakikata, hakuna kinachobaki, na hata ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kulalamika ile barua yako ya "kuanzia leo" ndiyo ushahidi wao.

Kwa hiyo usitangaze kuondoka mapema, OMBA. Nyie wawili mkikubaliana kufupisha notisi hakuna tatizo, shida ni kujikatia mwenyewe. Na usiombe huku umeshafunga mlango, weka sentensi ya kwamba wakikataa utamaliza siku zote, hiyo ndiyo inayokulinda. Mfano barua imepokelewa 5 Juni, tunahesabu kuanzia kesho yake:

"Leo tarehe 5 Juni natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi, kwa sababu nimepata nafasi nyingine ya kazi. Kwa notisi hii siku yangu ya mwisho ni tarehe 3 Julai. Hata hivyo naomba, kwa makubaliano yetu, notisi ifupishwe ili siku yangu ya mwisho iwe tarehe 12 Juni, bila makato ya siku zitakazobaki. Nitakabidhi kazi na vifaa vyote kabla ya hapo. Endapo ombi hili halitakubaliwa, nitaendelea na kazi hadi tarehe 3 Julai. Nashukuru kwa nafasi mliyonipa."

Basi, imetosha. Sababu iwe sentensi moja, sheria inataka notisi iwe ya maandishi, iseme sababu na tarehe iliyotolewa, haikutaki umseme meneja. Ya kwamba mshahara mdogo au bosi ana kelele waachie wenyewe. Hayo maneno "bila makato" usiyafute hata wakikuambia yanaonekana vibaya, maana wanaweza kukuruhusu uondoke mapema halafu wakakata vilevile na kila mtu akawa na tafsiri yake.

Toa nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Halafu usiondoke mpaka jibu liwe kwenye maandishi, hata baruapepe inatosha. Afisa utumishi akikuambia "wewe nenda tu hakuna shida", mjibu kwa upole "sawa mkuu, naomba unitumie hilo kwa baruapepe". Akisitasita ujue hana mamlaka hayo, rudi mezani kwako uendelee na kazi.

Na asije mtu akakudanganya eti chukua likizo ikule hizo siku, notisi hairuhusiwi kutolewa ukiwa likizo wala kwenda sambamba nayo.

Leo hiihii wapigie hao waajiri wapya, waambie una notisi ya siku 28 na utaomba ifupishwe, waulize kama wanaweza kukusubiri mpaka mwanzoni mwa Julai. Ufanye hivyo kabla hujapeleka barua, maana wakikataa kukusubiri na huku ukakataliwa kufupishiwa, bora ulijue hilo ukiwa bado una kazi.