Mteja akizidisha malipo halafu anataka umrudishie chenji, soma hii kabla hujatuma

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kuuza vitu mtandaoni, iwe insta, fesibuku au magrupu ya wosapu, hasa wanaouza vitu vyenye bei ya juu kidogo kama friji za mtumba, tivi, simu, cherehani, makochi. Mimi niko kwenye friji na mashine za kufulia, hapa Dar, na kila mtu mpya anayeingia kwenye hii kazi nikiwa karibu naye namwambia hiki kitu mapema kabla hata ya kumuonyesha jinsi ya kupiga picha mzigo.

Mchezo wenyewe uko hivi. Umeposti friji 450,000. Anakuja mtu inboksi, hapunguzi bei, haulizi inakula umeme kiasi gani, haulizi kama gesi imejazwa upya, anauliza tu "bado ipo?" na "nitumie namba ya kulipia na jina linalotokea". Ukishamtumia, baada ya muda meseji inaingia kwamba umepokea 630,000. Hujakaa sawa simu inaita, "dada yangu samahani sana, kijana wa ofisini amechanganya, ameweka na hela ya dereva wa kirikuu humo humo, naomba ile 180,000 umtumie dereva moja kwa moja kwenye namba yake ili awahi kuja kuchukua mzigo, yuko njiani hana mafuta."

Sasa angalia alichofanya hapo. Friji yako wala haitaki. Friji ni kubwa, inabidi kuibeba, inabidi mtu aonekane sura. Anachotaka ni hiyo 180,000 ambayo unaituma mwenyewe kwa mkono wako na namba yako ya siri, na ikishafika inatolewa kwa wakala muda huo huo. Na amekuweka kwenye hali ya kujiona una deni, hela ya watu iko kwako, dereva kakwama barabarani, ukichelewa unaonekana mwizi wewe. Watu waaminifu ndio wanaoliwa zaidi kwa staili hii, na ndio maana inaniuma.

Nikupe ya dada mmoja jirani yangu hapa kwenye biashara, maana ina kila kitu ndani yake. Kwenye laini yake alikuwa na 212,000. Meseji ikaja ya 630,000 na mwishoni imeandikwa salio lako jipya ni 1,284,000. Yeye akaangalia ile 630,000 tu, akaona jina la mtu, akaona namba ya muamala, ndefu yenye herufi na tarakimu kama zilivyo zote. Lakini piga hesabu, 212,000 ukiongeza 630,000 unapata 842,000. Hiyo 1,284,000 imetoka wapi? Imetoka kichwani kwa aliyeandika, kwa sababu tapeli anaweza kunakili kila kitu kwenye meseji isipokuwa salio lako, hajui una shilingi ngapi, kwa hiyo ama anabahatisha ama anaruka hicho kipande kabisa. Na ile meseji ilikuwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, siyo kwenye ule uzi ambao mtandao huwa unamtumia meseji zake zote za miamala. Angeifungua tu angeona iko peke yake, juu yake hakuna meseji nyingine hata moja.

Ila usiweke imani yote kwenye jina la mtumaji. Kuna wanaoweza kufanya meseji ionekane imetoka kwa jina wanalotaka, na kuna simu zitaichomeka kwenye uzi uleule wa zamani. Kwa hiyo kitu pekee cha kuangalia ni salio, na salio unalitoa mwenyewe kwenye menyu, *150*00# kwa wa M-Pesa hapa Tanzania, na mitandao mingine mnajua menyu zenu. Sio kwenye meseji, sio kwenye skrinshoti aliyokutumia, sio kwa kumuuliza yeye.

Na hapa kuna kitu watu hawakielewi mpaka waelezwe. Umeshawahi kujiuliza kwa nini hawa jamaa hawakati simu? Anaongea, anaongea, anakupa dereva uongee naye, anarudi yeye, "usikate dada nisubiri kidogo". Simu nyingi ukiwa katikati ya maongezi menyu ya kuangalia salio inasumbua au inagoma kabisa, kwa hiyo akikushikilia kwenye laini huwezi kuhakiki, unabaki na meseji yake tu. Yule dada aliambiwa abaki hewani na atume kwa kutumia simu yake ya pili, na kweli alituma 180,000 kutoka laini ya pili huku hii ya kwanza inaongea. Alipokata na kuangalia salio akakuta 212,000 yake ileile. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuzuia usikate simu, kata. Mteja wa kweli atapiga tena, au atasubiri umpigie wewe.

Hiyo ndiyo aina rahisi, hela hewa. Aina ya pili ndiyo inayowakamata hata wazoefu, kwa sababu hela inakuwa kweli imeingia. Umeangalia salio, limeongezeka kweli, 630,000 ipo, unasema huyu ni mtu safi, unarudisha zilizozidi. Kumbe hiyo hela siyo yake. Ametapeli mtu mwingine huko, labda kamwambia atume kodi kwenye namba mpya ya mwenye nyumba, na namba aliyompa ni yako. Yule aliyetuma akishtuka anapiga simu mtandao, anaeleza, muamala unafuatiliwa na hela ikikutwa bado iko kwako inazuiwa au inarudishwa kwa mwenyewe. Sasa wewe umebaki na nini? 630,000 imerudi kwa mwenyewe, 180,000 uliyomtumia "dereva" imetoka kwenye hela yako, na kama friji ilishapakiwa basi na friji imeenda. Halafu laini iliyopokea hela ya wizi imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo wa kwanza kutafutwa na polisi ni wewe, na itabidi ueleze kwa nini ulipokea na kwa nini ulimtumia mtu wa tatu sehemu yake.

Dalili ya hii aina ya pili ni moja kubwa. Jina la aliyetuma, namba unayoongea nayo na namba anayotaka urudishie hazifanani. Aliyelipa ni "mke wangu" au "mhasibu", anayeongea ni yeye, anayetakiwa kupokea chenji ni dereva. Hela imeingia kwa mlango huu na anataka itoke kwa mlango mwingine.

Kwa wanaouza kwa ofisi au kwa watu wa mbali kuna ya benki pia, anakwambia ameshadipoziti, anakutumia picha ya slipu. Slipu inaweza kuwa halali kabisa, ina muhuri wa benki na kila kitu, lakini alichoweka ni cheki. Cheki ikiwekwa inaweza kuonekana kwenye akaunti yako wakati haijaiva, yaani benki ya mwenye cheki haijakubali kulipa. Kiasi kinaonekana ila siyo cha kutoa. Na wanapenda kuweka karibu na mwisho wa wiki ili siku za katikati benki ziwe zimefungwa na wewe uwe umesharudisha "zilizozidi" kutoka kwenye hela yako. Jumatatu au Jumanne cheki inarudi, imeibiwa, au saini siyo, au akaunti haina kitu. Ukipokea slipu usisome kiasi peke yake, soma imeandikwa taslimu au cheki, kisha waulize benki yako kama hela hiyo inatoleka leo. Neno la kuuliza ni hilo, inatoleka? Ukiuliza "imeingia?" unaweza kujibiwa ndiyo na bado ukaumia.

Sasa ufanyeje, maana na wateja wa kweli huwa wanakosea, mtu anaongeza sifuri au anatuma mara mbili mtandao ukiwa mbovu. Mimi sirudishi kwa mkono wangu, hata kama ni mtu mstaarabu wa kuongea. Namwambia hivi, "kaka hela sijaigusa, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uwaambie umekosea muamala warudishe wote, nikipigiwa nitakubali, halafu utume upya bei kamili." Hapa Tanzania ni 100, na kwa ndugu zetu wa Kenya wanaotumia M-Pesa wao aliyekosea anafowadi meseji ya muamala kwenda 456. Hapo hela inarudi kwa njia ileile iliyoingilia, kwa aliyetuma kweli, na mimi sihusiki na namba ya dereva. Aliyekosea kweli atalalamika kidogo lakini atapiga. Tapeli mara nyingi hapigi, atakwambia mtandao unachelewesha, ataanza kukutukana, atakutishia polisi, au atashusha, "basi nirudishie hata 100,000 nyingine utabaki nayo." Akifika kwenye kukuachia hela yake bure ujue hakuna hela hapo, au ipo na siyo yake.

Na usirudishe kwa mkono huku na yeye ameshaomba mtandao urudishe, kuna wanaofanya zote mbili makusudi. Unamtumia 180,000 halafu ile 630,000 nzima inavutwa. Ni njia moja tu, na iwe ya mtandao. Mzigo nao usitoke mpaka jambo liishe, hata kama kirikuu imeshapaki nje na dereva anapiga honi, maana dereva mwenyewe mara nyingine ni mtu wa watu kaitwa tu kwa simu hajui chochote, muombe radhi na umweleze hali ilivyo.

Kwa aliyeshatuma tayari, dakika za mwanzo ndizo za muhimu. Usianze kumpigia tapeli kumbembeleza, piga 100 hapo hapo, wape namba ya muamala wa ile uliyotuma wewe (siyo ile meseji ya uongo, hiyo haina muamala), uombe kiasi kizuiwe kwenye laini iliyopokea kabla hakijatolewa kwa wakala. Kikishatolewa mtandao hauna cha kukurudishia. Kisha ripoti namba iliyokutapeli kwenda 15040, nenda kituoni uchukue RB, na usifute kitu chochote kwenye simu, ile meseji feki, meseji za wosapu, rekodi ya muda wa simu, picha za tangazo lako. Kama ni aina ya pili, yaani hela ya mtu mwingine ilipita kwako, hiyo RB iwe mkononi kabla hawajakutafuta, na kiasi kilichobaki kwenye laini kiache kama kilivyo, usikitoe.