Wakikwambia "unaongea haraka", jirekodi kwanza

Juma lililopita msomaji mmoja alinitumia rekodi ya mazoezi yake ikiwa na ujumbe mfupi: "Kaka, karibuni nitasimama mbele ya wafadhili. Kila nikizungumza naambiwa naongea haraka. Nikipunguza kasi naambiwa nachosha. Nishike lipi?"

Ujumbe huo ulinigusa kwenye kidonda. Miaka kadhaa nyuma mwenyekiti wa kamati moja aliniambia mbele za watu, "Umekimbia mno, hatukuambulia kitu," na kazi niliyokuwa naiwania akapewa mwingine. Iliniuma, na ikaniuma zaidi nilipopata rekodi ya kikao na kugundua kwamba sikukimbia hata kidogo. Mwenyekiti alikuwa amesikia tatizo la kweli, lakini alilipa jina lisilo lake. Leo watu wananiita niwaandae kwa vikao kama kile, nami najivunia hilo. Kitu cha kwanza ninachomwomba kila mmoja ni rekodi.

Nilichukua rekodi ya dada yule nikakata dakika moja kutoka katikati. Dakika ya kwanza haifai, kwa sababu wengi wameikariri na wanaitamka vizuri kuliko zinazofuata. Kisha nikaiandika neno kwa neno, pamoja na kila "yaani" na kila "eee". Palipokuwa na kituo niliweka mkwaju, na neno lililofifia nikalipigia mstari. Dakika moja hula muda kuiandika hivyo, lakini karatasi huonyesha mambo ambayo sikio husamehe.

Kwanza kasi. Dakika yake ilikuwa na maneno 112. Usichukue viwango vya maneno kwa dakika vilivyowekwa kwa Kiingereza ukavitumia kujipima. Neno letu moja, kama "tutakapowarudishia", hubeba kile ambacho wenzetu hukisema kwa maneno matano au sita. Jilinganishe na wewe mwenyewe: rekodi dakika moja ukimsimulia rafiki jambo unalolijua, hesabu maneno, kisha hesabu ya jukwaani. Dada yule nilimwomba anisimulie safari yake, akatoa maneno 118. Kwa hiyo mbele ya watu alikuwa anazungumza taratibu kidogo kuliko kawaida yake.

Basi kwa nini wanasema anakimbia? Tazama mikwaju. Katika dakika nzima ilikuwa miwili tu. Maneno hayakuwa ya haraka, ila hayakuwa na mahali pa msikilizaji kupumzika. Alikuwa anaunganisha hoja na hoja bila kituo, na msikilizaji ambaye bado anaitafakari namba ya kwanza tayari anapewa ya pili. Mtu huyo hutoka akisema "umekimbia". Dawa ya "punguza kasi" huvuta kila neno na kuacha vituo vikiwa vilevile, ndiyo maana akaambiwa anachosha. Nilimwambia aongee kwa kasi yake ileile, ila anyamaze baada ya kila namba na kabla ya kila hoja mpya, kwa muda wa pumzi moja kamili. Kwa anayezungumza kimya hicho huonekana kirefu mno. Kwenye rekodi utasikia kwamba ni cha kawaida kabisa.

Pili ni maneno ya kujazia: yaani, sasa, kwa hiyo, unajua, eee. Kuyahesabu tu hakukusaidii. Angalia yamekaa wapi. Yeye alikuwa na "yaani" saba, na tano kati yake zilikuwa kwenye mlango wa hoja mpya. Hapo ndipo akili ilikuwa bado inatafuta sentensi inayofuata huku mdomo ukiogopa kunyamaza. Mtu wa namna hiyo akijikaza asiseme "yaani", atasema "sasa". Andika sentensi ya kwanza ya kila sehemu na uikariri hiyo tu, mengine yaache yaje yenyewe. Lakini zikitawanyika kila mahali, hata katikati ya sentensi nyepesi, hayo ni mazoea ya mdomo, na huhitaji muda zaidi. Na "yaani" inayofafanua kweli lililotangulia iache, hiyo ina kazi.

Kwenye sauti, simu itakudanganya. Simu nyingi hujirekebishia sauti zenyewe: ukinong'ona zinakuza, ukipaza zinapunguza, na simu iliyo karibu na mdomo humfanya kila mtu asikike imara. Iweke pale atakapokaa msikilizaji wa mbali kabisa, nawe usimame utakaposimama siku yenyewe. Kisha usikilize miisho ya sentensi. Pumzi inapokwisha sauti hushuka, na kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ile ya mwisho ndiyo inayomezwa. Kwa dada yule sentensi nne zilififia, na mojawapo ilimalizika kwa kiasi cha fedha alichokuwa anaomba! Sikumwambia apaze sauti. Nilimwambia aikate sentensi ndefu mara mbili ili pumzi imfikishe mwisho.

Uwazi wa matamshi ndio unaopimwa vibaya zaidi, kwa sababu wewe unajua ulichokusudia kusema na sikio lako litakijaza. Mpe rekodi mtu asiyeijua kazi yako, asikilize mara moja, aandike namba na majina yote aliyosikia. Mjomba wa dada yule aliandika "themanini" palipokuwa na "thelathini". Maneno hayo mawili huanza na kumalizika kwa namna moja, ukiharakisha katikati hayatofautiki. Chunga pia vichwa vya vitenzi. "Hatujapokea" ikimezwa mwanzo hubaki "tujapokea", na msikilizaji anaweza kubahatisha kinyume cha ulichosema.

Sauti yako itakuchukiza mara ya kwanza. Ukizungumza unajisikia kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya fuvu, ambayo huongeza uzito wa sauti, na rekodi haina sehemu hiyo ya pili. Wengine wote wamekuwa wakikusikia kama rekodi ilivyo. Acha ilale usiku mmoja, kisha isikilize mara nne, kila mara na swali moja tu mkononi:

Kasi: maneno ni mangapi ukilinganisha na mazungumzo yangu ya kawaida, na mikwaju iko wapi?
Vijazio: viko kwenye milango ya hoja, au kila mahali?
Sauti: kutoka kiti cha nyuma, sentensi zipi hazikufika mwisho?
Uwazi: mgeni aliandika namba zipi, na vitenzi vipi vilipoteza mwanzo?

Usirekebishe vyote kwa mkupuo, ndugu msomaji. Nakusihi, maana wengi huharibikia hapa: wanarudi na kurasa za makosa, wanasimama wakijisikiliza wenyewe badala ya kuwaangalia watu, na rekodi inayofuata inakuwa mbaya kuliko ya awali. Anza na vituo. Vikikaa, pumzi hurudi, na sehemu ya vijazio na miisho iliyofifia huondoka bila kuguswa. Dada yule alifanya hivyo. Rekodi yake ya pili ilikuwa na maneno 104, mikwaju tisa na "yaani" mbili, na kiasi cha fedha kilisikika hadi kiti cha nyuma. Thelathini bado inamsumbua, kwa hiyo tumekubaliana kwamba siku yenyewe ataiandika pia kwenye skrini.