Ripoti ya wiki kwa bosi asiye na muda: tatizo liende juu likiwa bado dogo

Bosi wangu ni mama mmoja ambaye ukimkuta ofisini siku mbili mfululizo ujue kuna wageni wa mfadhili. Muda wote yuko njiani Dodoma–Dar au kwenye vikao. Mimi naratibu miradi ya visima vijijini na karibu kila uamuzi wa hela au mkataba lazima upite kwake, kwahiyo tulichokubaliana ni meseji moja ya watsapu kila Alhamisi mchana, isizidi skrini moja ya simu. Alhamisi ni makusudi kabisa, maana ukituma Ijumaa jioni anaikuta Jumatatu imeshafukiwa na meseji za watu, ila ya Alhamisi anabaki na Ijumaa nzima ya kupiga simu benki na maofisi yakiwa wazi.

Sasa shida ni namna watu wanavyoandika. "Tumekutana na kamati ya maji, tumetembelea saiti, maandalizi yanaendelea vizuri, changamoto ndogondogo zinashughulikiwa." Mkurugenzi akisoma hiyo anajibu "asante, kazi nzuri" na anaendelea na safari, kumbe hiyo changamoto ndogondogo ndo mradi wenyewe unaenda kukwama.

Chukua mfano wa kisima. Mkandarasi alisema mtambo wa kuchimba utafika mwishoni mwa Oktoba, akasogeza, halafu akasogeza tena. Bado hakuna hasara yoyote, na hapa ndo wengi wanasubiri waone kwanza. Mimi kipimo changu ni kwamba tarehe ikisogea mara ya pili inaingia kwenye ripoti, sibishani na nafsi yangu. Kabla ya kuandika nampigia namuuliza, mtambo uko wapi leo na hapo ulipo umebakiza mita ngapi? Mwenye mtambo kweli anakujibu palepale, kijiji fulani, tumefika mita 80 tunaenda 120. Ukisikia "wiki ijayo bila wasiwasi", au anaanza kuulizia kama advansi inaweza kutoka mapema, jua hela ya dizeli hana. Basi meseji inaenda hivi:

"Shikamoo mama. Naomba uamuzi mmoja kabla ya Jumatano tarehe 12. Mkandarasi wa kisima kasogeza tarehe mara mbili na hawezi kuniambia mtambo uko wapi. Mvua zikianza lori la mtambo halitavuka ile mbuga, itabidi tusubiri mpaka njia ikauke, yaani kama Mei hivi. Tunaweza kumpa barua ya siku saba, au tuhamie kwa aliyekuwa wa pili kwenye tenda, yeye yuko juu kwa milioni 4. Napendekeza barua itoke kesho, nimeshaiandaa ipo kwenye imeili yako, na huku namuuliza wa pili kama bei yake ni ileile. Mengine sawa: kibali cha kuchimba kimetoka, kamati wamefungua akaunti."

Angalia ile tarehe 12, sikuitoa hewani. Nimeanza na mvua, ambazo kwa Dodoma huwa zinashika Desemba, nikarudi nyuma siku za kuchimba na kupima wingi wa maji, siku za kuingiza mtambo na zile saba za barua. Bosi akiona tarehe imetoka kwenye hesabu anaijibu, akiona "naomba mapema iwezekanavyo" anaiacha kama zingine zote. Na mazuri yanakaa mwisho kwa mstari mmoja tu, najua inauma maana ndo umeyatolea jasho wiki nzima.

Kitu kingine, tatizo likigusa mwenzako, tuseme mhasibu hajatoa malipo, mwambie yeye kwanza asubuhi kabla hujatuma. Mara nyingi litaisha kabla ya mchana, na lisipoisha hatasema umemchomea kwa mkurugenzi, ila ukimruka mara moja tu wiki zinazofuata watu watakuficha mambo na ripoti yako itakuwa haina kitu. Na jambo lisiloweza kungoja Alhamisi, mtu kaumia saiti au hela imeenda akaunti siyo, hilo ni la kupiga simu muda huohuo.

Asipojibu? Yale yaliyo ndani ya mamlaka yangu naandika kabisa "nisipopata jibu hadi Jumatatu saa sita nitamuuliza wa pili bei", basi nafanya. Barua kwa mkandarasi inahitaji sahihi yake, hiyo siwezi kuisukuma kwa ukimya, kwahiyo Alhamisi inayofuata inarudi mstari wa kwanza na umri wake, "wiki ya pili sasa, siku za kusubiri zimebaki tano", na Ijumaa asubuhi nampigia dereva wake niulize wanasimama wapi kunywa chai.