Bahasha ya kaki juu ya kabati

Ukipewa kazi ya tangazo la bima au benki, na mteja akakwambia anataka "familia iko nyumbani, imetulia", usianze kwa kutafuta kochi. Mimi nilianza na kochi, na kazi nzima ikabidi irudiwe.

Ilikuwa bima ya moto kwa wafanyabiashara wa sokoni hapa Mbeya. Tulipanga sebule nzuri maeneo ya Forest, tukapata baba, mama na watoto wawili, tukawavisha wote bluu kwa sababu ndiyo rangi ya kampuni, tukawakalisha wakacheka mbele ya kompyuta. Picha ilitoka safi kabisa. Nilichapisha nakala chache nikaenda nazo soko la Mwanjelwa, kwa watu ambao tangazo liliwahusu. Sikuwauliza kama picha ni nzuri, kwa sababu mtu wa heshima atakwambia ni nzuri. Niliuliza, "Hawa wanafanya nini?" Dada mmoja wa mitumba akaitazama, akasema, "Wamelipwa wacheke." Mwenzake akaongeza, "Na mbona hakuna mwenye sweta?" Tulikuwa Julai, yeye mwenyewe amejifunga kitenge juu ya koti.

Hilo swali naomba ulichukue, utalihitaji. Picha ya familia ikiulizwa "wanafanya nini" na jibu likawa "wanapigwa picha", basi aliyeitengeneza ameshashindwa. Mtu hawezi kukabidhi hela yake kwa sura zinazomwigizia furaha. Mwavuli, viganja vilivyofunika nyumba ya karatasi, funguo mpya zinazoning'inizwa mbele ya kamera, vyote hivyo vina ugonjwa uleule: havionyeshi mtu anayefanya jambo la kwake.

Miali ya moto iliyokuwa kwenye mpango wa tangazo nayo niliiondoa. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na wapo waliopoteza kila kitu ambao hadi leo wanauza palepale. Ukimwonyesha mtu huyo moto hujamfundisha lolote, umemuumiza tu.

Mara ya pili nilikwenda Uyole, kwa familia inayouza mchele na ambayo tayari ina bima hiyo. Kamera niliiacha kwenye begi siku nzima ya kwanza. Jioni nikauliza, "Mama, karatasi zenu za muhimu mnaweka wapi?" Akafuta mikono kwenye khanga, akapanda kigoda, akashusha kutoka juu ya kabati bahasha ya kaki iliyolegea kwenye kona. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za watoto, vyeti vya kuzaliwa, karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa mtaa, risiti za ada zilizobanwa pamoja. Karatasi ya bima ilikuwa imelala katikati ya hivyo vyote, haijapewa nafasi ya pekee.

Hapo ndipo nilipoliona tangazo. Mtu hutaja anachokiamini kwa kukiweka mahali fulani. Karatasi iliyowekwa pamoja na cheti cha mtoto imeshapata sifa ambayo hakuna mwandishi wa matangazo angeweza kuiandika. Na ule mkono uliofutwa kwanza kabla ya kugusa bahasha ulinitosha kwa sekunde tano nzima za filamu.

Kwa hiyo tukio likawa hili tu: mama ametoka kliniki na mdogo, anarudisha kadi kwenye bahasha. Baba yuko mezani anaandika mauzo ya siku kwenye daftari. Mtoto mkubwa anachambua maharage huku anasoma. Hakuna anayetazama kamera. Niliishusha kamera hadi usawa wa mtu aliyekaa kwenye kigoda, karibu na mlango, ili mtazamaji awe kama jirani aliyekaribishwa ndani. Ukipiga ukiwa umesimama, utakuwa kama mkaguzi aliyekuja kuhesabu vitu vya watu.

Mwanga ndio uliobeba utulivu. Mwezi wa saba hapa jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na baada ya hapo una takriban dakika 20 ambazo dirisha lina rangi ya samawati huku taa ya ndani ikiwa haijalizidi nguvu. Macho yakiona baridi nje na joto ndani kwa pamoja, yanaelewa maana ya kuwa nyumbani bila kuambiwa. Lakini taa nyingi za bei nafuu madukani ni nyeupe ya kubluu, karibu Kelvini 6500, na zinaifanya sebule ionekane kama wodi. Taa ya pale niliibadilisha nikaweka ya manjano, Kelvini 2700, na mizani ya rangi kwenye kamera nikaiweka katikati, kama 4000, ili rangi zote mbili zibaki. Kama unapiga filamu, tumia fremu 25 na kasi ya shata 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Ukitumia kasi nyingine, baadhi ya taa zitakuletea mistari inayotembea ukutani, na huwezi kuiona vizuri mpaka uwe umesharudi ofisini.

Kosa kubwa zaidi nililifanya kwenye jiko. Kwa sababu ya baridi tuliliweka jiko la mkaa katikati ya chumba, makaa mekundu, mlango umefungwa. Kwenye kioo cha kamera palipendeza. Bibi wa nyumba hiyo akachungulia, akasema, "Mwanangu, mlango umefungwa na mkaa unawaka? Hawa hawaamki kesho." Alikuwa sahihi. Mkaa kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, na huku kwetu kwenye baridi watu wamekufa usingizini kwa njia hiyo. Nilikuwa karibu kuuza usalama kwa picha ya hatari, na watu wa nyanda za juu wangeiona mara moja. Tulilitoa jiko kibarazani, mlango ukabaki wazi nusu, makaa yakaonekana kwa mbali na mvuke wa chai ukabaki mezani. Tangu siku hiyo, kabla sijabonyeza, namwita mtu mzima wa nyumba husika atazame fremu.

Yalibaki maneno. Kampuni ilitaka "Tuko nawe daima". Niliwaomba waandike kitu kinachoweza kuwagharimu, kwa sababu ahadi isiyo na kipimo haiaminiki. Kwenye bima ya moto kuna jambo linalowaliza watu: mtu ana bidhaa za milioni 20, anaandikisha milioni 10 ili alipe ada ndogo. Moto ukila bidhaa za milioni 4, anategemea milioni 4. Sera nyingi zina kipengele cha wastani, na kwa kuwa aliandikisha nusu ya thamani, atalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 2. Anaondoka akisema ametapeliwa. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe chini ya picha ya bahasha kukaandikwa: "Andikisha thamani yote ya bidhaa zako. Ukiandikisha pungufu, utalipwa pungufu."

Nilirudi Uyole na nakala ya kwanza, kwa sababu familia lazima ione na iridhie kabla ya mji mzima, hata kama walishasaini karatasi ya ruhusa. Namba ya bima na majina yao nilikuwa nimeyafunika kwa kidole cha mama tangu wakati wa kupiga. Baba aliisoma ile sentensi mara mbili. Kisha akavuta daftari, akamgeukia mkewe: "Mama Neema, sisi mwaka ule tuliandikisha magunia mangapi?" Mama akafuta mikono, akavuta kigoda kwenye kabati.