Skana inayovuta kurasa kwa mpigo

"Skana yetu hapa Lamu inavuta kurasa mbili tatu kwa pamoja. Nimeifuta rola, bado. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, mwenzetu aliyetangulia kukujibu kuwa ni unyevu wa bahari amepata nusu ya jambo, kwani karatasi zilizolala wazi usiku kucha wakati wa masika hushikamana kweli; lakini kabla ya kuzilaumu, fungua bunda jipya, toa karatasi 10, zipepete kingo, kisha uzipitishe. Zikipita moja moja, tatizo ni karatasi zako. Hata hizo zikivutwa mbili mbili, itazame pedi ya kutenganishia, kile kipande cha mpira kinachokabili rola na kuizuia karatasi ya pili isiifuate ya kwanza. Yangu hapa Malindi ilikuwa imeng'aa na kuchimbika mfereji katikati. Niliifuta mara tatu bila faida, nikaibadilisha, ikatulia siku hiyohiyo.

Je, rola uliifuta upande mmoja tu? Lowesha kidogo kitambaa kisichoacha nyuzi kwa alkoholi ya isopropili, uizungushe rola kwa mkono duara zima mpaka kitambaa kitoke bila weusi, uiache ikauke. Petroli aliyoishauri mwenzetu mwingine kwa kusafishia rola huondoa uchafu, lakini huuharibu mpira.

Hati kuukuu zilizojikunja, hata kwa pedi mpya sina hakika nazo. Mimi huziweka kwenye kioo cha skana, moja moja.