Cheti cha halali kilikwama kwenye prezure

Natengeneza fromaji hapa Goma, kwa maziwa ya Masisi. Mteja wa Nairobi alipoipenda, akadai cheti cha halali. Nikacheka moyoni: maziwa na chumvi, haramu itoke wapi?

Ilitoka kwenye prezure, ile dawa ya kugandisha maziwa. Prezure ya asili hutolewa katika tumbo la nne la ndama anayenyonya, na wakaguzi wengi wanataka uthibitisho kwamba ndama huyo alichinjwa kwa sheria ya Kiislamu. Mimi yangu nilikuwa nanunua sokoni, imepimwa upya kwenye kimfuko cha plastiki kisicho na jina wala tarehe.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi aliteremsha fromaji moja kutoka rafu, akaiweka mezani. "Mama, hii imetoka wapi?" Siku ya kuitengeneza niliijua, na aliyeleta maziwa pia. Akauliza prezure ya loti gani. Nikabaki kimya. Aliandika kasoro kubwa, cheti kikasubiri. Hata brashi ya kusugulia fromaji aliigeuza akauliza ni manyoya ya nini, kwani brashi nyingine ni za nywele za nguruwe. Nilinunua ya nailoni kesho yake.

Nilihamia prezure inayotokana na kuvu. Lakini neno "bila mnyama" kwenye kopo halitoshi: dai cheti cha halali cha kiwanda kilichoitengeneza, na usome kama kinataja bidhaa hiyohiyo na kama hakijaisha muda. Ina tabia yake pia. Ukizidisha kipimo, fromaji inayokaa muda mrefu inaingia uchungu. Jaribu sufuria moja kwanza, uonje ikishakomaa, si siku ya tatu.

Sasa kila sufuria ina mstari wake kwenye rejista: tarehe, maziwa ya nani, loti ya prezure, loti ya chachu, rangi kama nimetia. Lebo ya kila kopo naibandua na kuigundisha pembeni, fakitire inakaa kwenye faili. Huo ndio ukaguzi wenyewe: kutoka fromaji moja kurudi hadi fakitire, bila kukatika njiani.

Kosa langu lingine lilikuwa kutafuta mtoa cheti kabla ya kumuuliza mteja. Nchi nyingi zinapokea cheti cha taasisi zinazozitambua tu. Emirati na Malesia zina orodha zao, na cheti kizuri kilicho nje ya orodha hakitakusaidia mpakani. Muulize mnunuzi kwanza anakubali muhuri wa nani.

Kuhuisha cheti naanza miezi mitatu kabla hakijaisha, maana mkaguzi anarudi na kasoro zinataka muda. Na ukibadilisha muuzaji wa prezure katikati, mwandikie mtoa cheti kabla ya kufungua kopo la kwanza. Mwaka jana duka liliniletea chapa nyingine, "ni ileile tu, mama." Nililirudisha kopo, siku mbili sikutengeneza kitu, maziwa nikawauzia majirani.