Mama ana watoto watano na vidonge nusu nusu

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya maduka Kariakoo. Mwenye duka akiniambia mauzo ni mazuri lakini fedha haionekani, najua pa kuanzia kutafuta. Cha kuchekesha ni kwamba miaka tisa nilimtumia mama yangu hela Muheza kila mwezi na sikuwahi kukaa chini kuuliza inafika wapi.

Nilikuja kujua kwa kisu. Nilikwenda nyumbani kwenye arobaini ya mjomba, nikaingia chumbani kwa mama kutafuta kanga, nikakuta kopo la maziwa ya unga kuukuu. Ndani mna vidonge vyake vya sukari, vyote vimekatwa katikati, na kisu kidogo cha kumenyea machungwa kimelazwa juu yake. Nikamuuliza. Akasema, "Nusu inatosha mwanangu, hivyo vinafika mpaka mwezi ujao." Tukampeleka kupimwa kesho yake, kipimo kikasoma 19, juu mno.

Sasa hesabu. Mwezi ule mimi nilikuwa nimetuma 100,000. Dada yangu mkubwa aliye Maskati, anayefanya kazi za ndani, alikuwa ametuma 150,000. Mdogo wetu wa Morogoro alituma 50,000. Jumla 300,000, kwa mwanamke mmoja anayekaa kwenye nyumba yake mwenyewe, na bado anakata vidonge.

Hakuna aliyemwibia. Hela zetu zilikuwa zinaingia zote kwenye simu yake, na simu ya mama mjini Muheza ni kama kisima cha mtaa. Mjukuu ana sare imechanika, jirani amefiwa, mke wa kaka anajifungua, mchango wa madrasa. Mama hajui kusema "sina" wakati watu wote wanajua ana mtoto Maskati. Halafu sisi nasi tulituma bila mpangilio. Dada alituma alipolipwa, mimi nilituma nilipokumbuka, na mwezi mwingine kila mmoja alinyamaza akijua mwenzake ameshatuma. Ukipata fedha ya mwezi kwa vipande sita, kila kipande kina mtu wa kukililia kabla hujafika duka la dawa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri mtu yeyote anayetuma nyumbani ni hili: kaa na mzazi mwenyewe, siyo na ndugu zako kwanza, uandike naye mwezi wake. Sisi tuliandika kwenye daftari la shule. Chakula 150,000. Dawa na nauli ya kliniki 45,000. (Ana kitambulisho cha wazee na kumwona daktari hatoi hela, lakini dawa ikikosekana dirishani hununua nje, na hukosekana.) Umeme na maji 15,000. Mkaa 30,000. Hapo nikataka kupiga mstari, nijumlishe. Mama akaniwekea mkono kwenye daftari. "Na mkono wangu?" akauliza.

Mkono wake ni hela ya kutoa. Ya kwenda nayo msibani, ya kumpa mjukuu, ya kumfungia mgeni kifurushi. Mimi kwa ujinga wangu wa kihasibu niliita hiyo matumizi yasiyo ya lazima. Kumbe ndiyo iliyokuwa inakula dawa. Mzee wa pale nyumbani haendi msibani mikono mitupu. Usipompa fungu la kutoa, atalitoa kwenye tumbo lake. Tukaandika 40,000 na kukubaliana ikiisha imeisha. Jumla ikawa 280,000, pungufu ya tulichokuwa tunatuma.

Dawa tuliitoa kwenye simu yake kabisa. Namlipa mwenye duka la dawa kwa lipa namba kila tarehe 3, naye anampa mama vidonge vya mwezi. Nilitaka kufanya hivyohivyo kwa chakula, nikaongea na mwenye duka la rejareja. Mama alikasirika siku mbili. Alisema hatapimiwa unga kama mgonjwa wa wodini. Alikuwa na haki. Chakula anapewa fedha mkononi, mara moja, na ya kutolea juu yake, maana kumtumia mzazi bila ya kutolea ni kumpunguzia kimyakimya.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Ngumu ni nani anatoa, na hapo ndipo tuligombana, kwa sababu tulikuwa tumechanganya madeni matatu tukayaita jina moja, "kusaidia nyumbani".

Deni la kwanza ni la mama, na hili ni letu sote. Sheikh tuliyemwendea alitueleza kwa lugha nyepesi: katika madhehebu yetu ya Shafii, mzazi asiye na uwezo matunzo yake ni wajibu wa watoto wenye ziada baada ya kujilisha wenyewe na walio chini yao. Ndugu hayumo kwenye wajibu huo. Unachompa kaka yako au mdogo wako ni wema, na kama ni masikini anaweza hata kupokea zaka yako. Mama hawezi, kwa kuwa huwezi kulipa wajibu wako kwa zaka. Mimi sikuwa nikijua, na miaka kadhaa nilikuwa nikimtumia mama hela ya Ramadhani nikiihesabu ni zaka.

Wajibu wa wote hauna maana ya mafungu sawa. Dada wa Maskati analipwa riyali 90 na halipi pango wala chakula, mimi nina watoto wawili na nyumba ya kupanga Temeke. Tulikwenda kwa kinachobaki, siyo kwa kinachoingia. Na tulimwambia dada wazi kwamba Maskati siyo sababu ya kubebeshwa kila kitu. Mkataba wake una mwisho, na akirudi hana akiba tutakuwa tumemtengeneza mama mwingine wa kutumiwa.

Deni la pili ni la kaka mkubwa, na hili ni langu peke yangu. Baba alifariki 1998, kaka akiwa kidato cha pili. Aliacha shule, akaingia kwenye kupakia machungwa kwenye malori ya Dar, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mabega yake. Sasa yeye ni seremala, kazi siku ipo, siku haipo. Kila akiwa na shida alinipigia mimi, na mimi kila mara nilitoa kwa hofu, nikinung'unika moyoni, maana deni lisilo na ukubwa halilipiki. Siku moja nilijikaza nikamuuliza: kaka, mimi nakudai au wewe unanidai, na ni kiasi gani?

Alinyamaza sana. Akasema, "Sikukusomesha unilipe. Nilikusomesha usinililie." Akakaa tena kidogo. "Ila huyu kijana wangu ananililia."

Tulimaliza hapo. Alinisomesha mimi mmoja, nami nitamsomesha wake mmoja: kijana amekwenda VETA kusomea umeme, ada na nauli ni zangu mpaka amalize. Mwezi wa sita kaka aliniletea habari ya pikipiki. Nilimwambia hapana bila kutetemeka, kwa mara ya kwanza, kwa kuwa nilijua nilichokubali. Hakununa. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kuomba bila kujua mwisho wake. Kama una ndugu aliyekubeba, muulize mapema, na muulize akiwa hana shida siku hiyo. Akiwa na mgonjwa hospitali, jibu atakalokupa ni bei ya hospitali.

Deni la tatu tulikuwa hatulioni kabisa. Kitinda mimba wetu ana miaka 31 na anaishi na mama. Yeye ndiye anayechota maji, anayempeleka kliniki, anayeamka usiku sukari ikishuka. Alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni, alikifunga. Kwenye kundi letu la wasapu jina lake halikuwahi kuwa kwenye orodha ya waliotoa, na kuna siku mdogo wa Morogoro aliandika kwamba "wengine wanakula tu hapo nyumbani". Kitinda mimba aliondoka kundini usiku uleule.

Nilifanya jambo moja dogo. Niliulizia bei ya kumweka mtu wa kulala na kumhudumia mama. Sikumpata wa chini ya 80,000 kwa mwezi, pamoja na kula na kulala, na hakuna aliyekubali kumwogesha. Tukaandika 80,000 kwa jina la kitinda mimba, inaingia kwenye simu yake yeye, siyo ya mama. Jumla sasa 360,000. Kaka analeta mkaa, 30,000 hiyo imetoka. Zilizobaki 330,000: dada 140,000, mimi 120,000, wa Morogoro 70,000. Pia wikiendi moja kila mwezi mimi au kaka tunakwenda kulala pale ili yeye atoke. Hilo la kutoka ndilo alilolishukuru kuliko hela.

Lakini mshahara unalipa kuanzia leo. Ile miaka sita iliyopita aliyomtunza mama bila malipo? Hapa watu wengi husema mirathi itamfikiria. Haitamfikiria. Mama akiondoka leo warithi ni sisi watoto, wanaume wawili na wanawake watatu, mali inagawanywa mafungu saba: kila mwanaume mawili, kila mwanamke moja. Aliyemwogesha mama anapata moja ya saba, sawasawa na mimi niliyekuwa Kariakoo. Wasia nao haumsaidii, maana mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Njia iliyobaki ni hiba: mama ampe kitu akiwa hai, kwa hiari na akili timamu, na akikabidhi kweli, siyo maneno ya "hii itakuwa yako nikifa". Kutofautisha watoto katika kutoa si jambo la kupendeza, sheikh hakuficha, ila sababu ikiwapo inajulikana, na hapa ipo.

Mama mwenyewe ndiye aliyetaja kipande cha shamba la michungwa nyuma ya nyumba, ile miti kumi na minne ya karibu na njia. Kitinda mimba alivuna msimu uliopita na hela akaiweka yeye, kwa hiyo kukabidhiana kumefanyika machoni pa watu. Tuliandika karatasi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Kisheria saini zetu hazihitajiki, ardhi ni ya mama. Tuliweka nafasi tano kwa sababu ya siku ile mama hatakuwapo na mtu atasimama kusema alirubuniwa.

Kaka ametia dole gumba, anasema kalamu humtoka mkononi. Dada alituma sauti kutoka Maskati, tumeihifadhi kwenye simu tatu. Mdogo wangu wa Morogoro anasema ataisoma kwanza. Huu ni mwezi wa nne tangu tuandike, na sabini elfu yake inaingia kila tarehe 1 bila kukosa.